Salamu Tano za Kuanzia: Somo la Dakika 90 kwa Mgeni Aliyehamia Maungu

Kosa lilikuwa langu. Tulikuwa njiani kuelekea nyumbani kwa mzee mmoja nje kidogo ya Maungu, upande wa barabara ya Kasigau, mimi na fundi wa maji kutoka ng'ambo aliyekuwa na wiki moja nchini. Alitaka ruhusa ya mzee ili apime mahali bomba lingepita kwenye shamba lake. Garini aliniomba nimfundishe salamu moja ya Kiswahili. Nikamfundisha iliyo nyepesi kutamka: "Mambo." Tulipofika, akashuka kwa furaha, akanyoosha mkono kwa mtu wa miaka zaidi ya sabini, akasema, "Mambo!"

Mzee hakuujibu ule mkono. Aliniangalia mimi, akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Kisha akasema siku hiyo ana shughuli. Tulirudi mara mbili kabla ya kipimo kile kufanyika, na mara ya pili tulikwenda na jirani yake wa umri mmoja ili atuombee msamaha. Kwa upande wa fundi, hakukuwa na neno baya alilosema. Alisema neno zuri kwa mtu ambaye halikumfaa, na mwalimu wake alikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandaa somo hili na kulijaribu na wageni wachache kila wanapofika. Tunalichapisha hapa kwa sababu anayemfundisha mgeni salamu huwa ni mkazi: mwenye nyumba ya kupangisha, mfanyakazi mwenzake, mke au mume aliyemleta, mwumini wa kanisa au msikiti wake. Maungu ni mji wa barabara kuu, na wageni hapa ni wa kila aina. Wako madereva wa malori wanaolala, na baadhi yao huishia kuhamia. Wako wanaokuja kufanya kazi katika miradi ya uhifadhi upande wa Rukinga na Kasigau. Wako walioolewa au kuoa hapa kutoka nchi nyingine. Kwa wengine jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwani Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayeomba uraia kwa sababu ya kuishi nchini kihalali kwa miaka saba aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya hapa. Lakini miaka saba ni mingi. Salamu anaihitaji kesho asubuhi akienda kununua mkate.

Unachohitaji

Tafuta wanafunzi wasiozidi wanane. Wakizidi hapo, wengi watakaa kimya nyuma ya wenzao. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa, kwa sababu mlango wenyewe ni kifaa cha somo. Kisha tafuta wasaidizi watatu: mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mwenye mvi za kweli, kijana mmoja wa bodaboda au wa kinyozi, na mtoto wa shule ya msingi. Bila hao watatu utakuwa ukiwafundisha wageni maneno, nao watayasema yote kwako wewe peke yako, na kwako wewe yote yatasikika sawa. Mgeni anapaswa kumwona mtu kwanza, kisha achague salamu.

Usianze kwa kuandika ubaoni. Mtu mzima akiona neno limeandikwa, atalisoma kwa sauti ya lugha yake. Kwa nusu saa ya kwanza asikie tu na kurudia. Na kila salamu ifundishwe pamoja na jibu lake papo hapo, kama kufuli na ufunguo wake. Wageni wengi niliokutana nao walijua kusalimia na hawakujua kuitikia, na kwa vile mji wetu una watu wanaowahi kusalimia, kila siku walikuwa wakikwama kwenye jibu.

Dakika 15 za kwanza: Habari

Tunaanza na "Habari" kwa sababu ndiyo salama kuliko zote. Mgeni akisahau nyingine zote nne, hii itamfikisha dukani, zahanati, ofisi ya chifu na kwenye kizuizi cha polisi bila kumkosea mtu. Jibu ni "Nzuri." Mwalimu anamsalimia kila mmoja kwa zamu, kisha wanasalimiana wawili wawili, kisha wanabadilishana ili aliyeuliza ajibu.

Baada ya hapo ongeza mkia mmoja tu: "Habari ya asubuhi", au "Habari ya kazi" kwa mtu aliye kazini. Watasikia mikia mingine mingi huko nje, ya nyumbani, ya safari, ya tangu jana, za siku nyingi. Waambie hawahitaji kuielewa yote. Jibu ni lile lile. Wakisikia neno "habari" mwanzoni na sauti ikipanda mwishoni, waseme "Nzuri." Nimeona mabega ya wanafunzi yakishuka kwa nafuu wanapoambiwa hivyo. Waambie pia kwamba watu wengi hapa watajibu "Mzuri" au "Mzuri sana", ingawa kitabu kitasema "Nzuri" kwa kuwa ni habari ndiyo iliyo nzuri. Wasimsahihishe mtu.

Kosa la hapa si la matamshi. Mgeni anaulizwa habari yake naye anaeleza habari yake kweli: usiku hakulala, tumbo linamsumbua, visa yake imechelewa. Muuzaji wa mboga anashikwa na mshangao na haelewi afanye nini na tumbo la mtu asiyemjua. Kwetu "Nzuri" hutangulia hata kwa mgonjwa. Ukimtembelea mtu aliyelazwa, atasema nzuri, kisha atavuta pumzi aseme, "ila huu mguu." Basi wafundishe hivyo hivyo: "Nzuri" kwanza, kisha "ila" au "lakini", na neno la shida baadaye, kwa mtu anayefaa kuambiwa. Hili lijaribiwe darasani. Mpe mwanafunzi shida ya kujifanya, kama vile amepoteza simu, amwendee mwenzake aliyejifanya karani. Asipotanguliza salamu na jibu lake, karani asimsaidie.

Dakika 15: Hujambo

Hapa ndipo panapohitaji miguu. "Jambo" ni shida au suala; "Hujambo?" ni kumuuliza mtu kama hana jambo linalomsumbua, na "Sijambo" ni kusema silo nalo. Maelezo hayo yanatosha, usiingie katika sarufi. Ugumu uko kwenye idadi: mtu mmoja ni "Hujambo?" na jibu "Sijambo", watu wawili au zaidi ni "Hamjambo?" na jibu "Hatujambo."

Wasimamishe wote. Simama mbele ya mmoja, useme "Hujambo?" Mvute mwenzake asimame kando yake, useme "Hamjambo?" Mwondoe, urudie. Fanya hivyo kwa haraka, bila mpangilio, mpaka jibu litoke kabla hawajafikiri. Kisha mwanafunzi achukue nafasi yako. Utajua kwamba hawajashika ukisikia mtu aliye peke yake anajibu "Hatujambo", au anakurudishia "Hujambo" kama mwangwi. Hilo la mwangwi ndilo la kawaida zaidi, hasa kwa watu ambao katika lugha zao salamu na jibu ni neno moja.

Inatumika wapi? Kwa kundi, hakuna iliyo bora. Mgeni akiingia kwenye baraza la chifu, kikao cha chama, au akikuta akina mama watano kwenye kioski cha maji, "Hamjambo?" inawasalimia wote bila kuanza kubagua nani mkubwa. Inafaa pia kwa mtoto. Kati ya watu wazima wawili barabarani inasikika kishule kidogo, lakini hakuna atakayekasirika.

Hapa mwanafunzi mmoja atauliza kuhusu "Jambo" tupu, aliyoisikia hotelini au uwanja wa ndege. Mwambie ukweli: ni salamu tunayowapa watalii, na ule wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms wa mwaka 1982 umeisambaza dunia nzima. Mgeni aliyehamia akiisema ataeleweka, ila atajibiwa kama mtalii, na pengine bei ya vitunguu itapanda vivyo hivyo. Kuna tofauti moja ya haki. Dereva kutoka Goma au Bukavu akikuambia "Jambo", hajifanyi mtalii. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kinaitumia kama salamu kamili, na jibu huwa "Jambo" au "Jambo sana." Usimcheke. Mwonyeshe tu ya hapa.

Dakika 20: Shikamoo

Sasa mlete mzee. Hii ndiyo niliyopaswa kumfundisha yule fundi. Mdogo anasema "Shikamoo", mkubwa anaitikia "Marahaba." Wengi huieleza kuwa asili yake ni kusema "nashika miguu yako", yaani najishusha mbele yako, na "marahaba" limetoka katika Kiarabu, neno la kumkaribisha mtu. Wageni hulipenda elezo hilo la miguu na hulikumbuka.

Mzee aketi kitini, mwanafunzi amwendee, asimame, ainamishe kichwa kidogo, aseme salamu na angoje. Kungoja huko ni sehemu ya salamu. Wageni wengi husema "Shikamoo" na papo hapo wanaendelea na shida iliyowaleta, kabla "Marahaba" haijatoka. Mzee akatize hapo na wamwanze upya. Mkono utolewe na mzee kwanza, si mgeni. Ukipokelewa, ni wa kulia, na kuushika mkono wako wa kulia kwa kushoto karibu na kiwiko ni dalili ya heshima. Mwanamke au mwanamume Mwislamu huenda asimpe mkono mtu wa jinsia nyingine, naye atatosheka na neno.

Swali la kwanza la kila mwanafunzi ni hili: nitajuaje ni nani mkubwa? Kanuni ninayotoa ni kwamba mtu anayeweza kuwa mzazi wako kwa umri, mpe. Aliyekuzidi miaka mitano mpe "Habari." Ukiwa na shaka na mtu mwenye mvi, mpe, ni nadra mtu kuchukia kuheshimiwa. Lakini Maungu ni mji wa mchanganyiko na wageni waelezwe hilo. Mzee aliyekulia pwani, au mfanyabiashara aliyevuka kutoka Tanzania kupitia Holili na Taveta, ataitarajia, na Mtanzania huenda akawa anaipokea hata kutoka kwa mtu aliyemzidi kidogo tu. Mtu aliyetoka bara huenda asiizoee, akaishia kucheka au kujibu "Nzuri." Na mwanamke wa miaka thelathini na kitu atamwambia mgeni wa ishirini na tano kwamba amemzeesha. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu kwenye foleni ya matatu, na hakuwa anatania sana. Katika boma la Kitaita mzee huenda akaitikia kisha akaendelea kwa Kidawida. Mgeni atabasamu, aseme "Asante", na mwenyeji wake atafsiri.

Nusu ya pili ya zamu hii ndiyo inayosahaulika. Wanafunzi wetu ni watu wazima. Wengine wana miaka 45, wengine 60. Kwao watoto wa mtaa ndio watakaotangulia na "Shikamoo", na jibu lao ni "Marahaba." Mlete mtoto. Amwendee kila mwanafunzi kwa zamu. Katika kila kundi nililofundisha, angalau mmoja, kwa adabu kabisa, alimrudishia mtoto "Shikamoo", na mtoto akaangua kicheko. Heri acheke hapo chumbani kuliko lango la shule. Mrudie mpaka neno "Marahaba" litoke kwa utulivu. Wengine huona haya kulisema, kana kwamba wanajikweza. Waeleze kuwa kunyamaza au kukataa salamu ya mtoto ndiko kunakoonekana vibaya, kwa sababu mtoto amefundishwa kuitoa na anangoja ipokewe.

Dakika 15: Hodi

Toka nje, ufunge mlango, na uite: "Hodi!" Walio ndani wajibu: "Karibu!" Hapo ndipo uingie, na ukiingia useme "Asante", kisha umsalimie mtu kwa salamu inayomfaa. Wanafunzi waone kwamba "Hodi" haiwi badala ya salamu nyingine. Inaomba mlango tu. Aliyesema "Hodi" kisha akaketi bila "Shikamoo" au "Habari" ameingia nyumbani bila kumwona mtu.

Anayeita asimame mahali anapoweza kuonekana, si nyuma ya dirisha. Kwenye boma lenye ua, aite akiwa langoni, asikaribie mlango wa nyumba. Aite, angoje kiasi cha kuhesabu mpaka kumi au zaidi, aite tena, kisha ya tatu. Asipojibiwa mara tatu, aondoke. Desturi hiyo ya mara tatu iko pia katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuomba ruhusa ya kuingia, na hapa wasio Waislamu wengi huifuata bila kujua ilikotoka. Kugonga mlango peke yake kunakubalika mjini kwenye ofisi na vyumba vya kupangisha, lakini sauti ya mtu hutuliza kuliko mbisho wa mlango, hasa jioni.

Makosa mawili. La kwanza ni kuita "Hodi" huku mguu umeshavuka kizingiti. Hilo lifanyie mchezo: anayevuka kabla ya "Karibu" anarudishwa nje. La pili ni jibu la swali "Nani?" Wageni husema "Mimi." Mwenye nyumba hakumwona, "mimi" haimsaidii. Aseme jina lake na mahali anapokaa au mtu anayemjua: "Ni Daniel, mpangaji wa mama Mghoi." Jina la hapo ni la mfano tu, ila muundo ndio huo. Na mgeni naye siku moja atakuwa mwenye nyumba, ataitiwa "Hodi" na jirani aliyeleta sima au habari. Afanye mazoezi ya "Karibu" kwa sauti inayofika nje.

Dakika 10: Mambo

Iko mwisho kwa makusudi. Ni fupi, inachekesha, kijana wa bodaboda ataifundisha vizuri kuliko mimi, na ikitangulizwa wanafunzi hawataki nyingine. "Mambo?" hujibiwa "Poa." Watasikia ndugu zake: "Sasa?", "Vipi?", "Niaje?", na kwa zote "Poa" au "Fiti" inatosha.

Ni ya marika. Kijana kwa kijana, wafanyakazi wenza waliozoeana, mtu na kinyozi wake. Mgeni wa miaka 50 anaweza kuambiwa "Mambo" na kijana aliyezoeana naye na akajibu "Poa" bila tatizo, lakini asiwe wa kuianza kwa mtu asiyemjua. Si ya mzee, si ya karani ofisini, si ya mama mkwe hata siku moja. Kisha mweke kijana upande mmoja wa chumba na mzee upande mwingine, mwanafunzi atembee katikati, na wewe umwonyeshe kwa kidole amwendee yupi. Dakika tatu za mchezo huo zinafanya kazi ambayo maelezo yangu yote garini hayakuifanya.

Dakika 15 za mwisho: mzunguko

Panga chumba kiwe Maungu. Kona moja ni steji, nyingine duka, nyingine kikao cha akina mama kwenye maji, na mlango ni boma la mzee. Chukua mfano wa mwanafunzi mmoja, mwanamke wa miaka 42 aliyeolewa hapa kutoka nchi jirani isiyotumia Kiswahili sana. Anatoka nyumbani kutafuta boma la shangazi ya mumewe ambaye hajawahi kukutana naye.

Steji, kijana wa pikipiki anamwambia, "Mambo, mathee?" Anajibu, "Poa." Hakuanza yeye, kwa hiyo hakukosea. Dukani anataka maelezo ya njia. Anamwambia muuzaji wa rika lake, "Habari ya kazi?" na kungoja "Nzuri" kabla ya kuuliza. Kwenye kioski cha maji kuna wanawake watano, mmoja wao mzee sana. Hapa darasa hubishana, na mabishano hayo ni mazuri. Wengine husema amtafute mzee ampe "Shikamoo" yake. Wengine husema "Hamjambo?" kwa wote. Msaidizi wetu mzee aliwahi kuamua hivi: aseme "Hamjambo?" kwa wote, aitikiwe, kisha amgeukie mkubwa na kumpa yake. Sina la kuongeza hapo. Njiani mtoto aliyevaa sare anampa "Shikamoo", naye anasema "Marahaba" bila kusimama. Langoni anaita "Hodi" mara moja, mara ya pili anajibiwa "Nani?" Anataja jina lake na la mumewe. Anasikia "Karibu", anaingia, anasema "Asante", anamwona shangazi amekaa kwenye kigoda, anainamisha kichwa: "Shikamoo, shangazi." Salamu tano, na zote zimetumika, katika mwendo wa dakika chache.

Kila mwanafunzi afanye mzunguko wake, nawe ubadilishe watu kwenye kona ili asikariri njia. Kipimo changu ni hiki: salamu itoke ndani ya pumzi moja baada ya kumwona mtu, bila kutazama karatasi. Akifaulu kona nne kati ya tano, ameiva vya kutosha kutoka nje. Anayesita kila kona arudie "Habari" peke yake kwa wiki nzima, nayo inatosha.

Mahali ambapo tano hizi hazifai

Pana sehemu moja usiyotaka mgeni wako aingie nayo hata moja ya hizi: nyumba ya msiba. Nimewahi kumwona mgeni mwenye nia njema akiingia matangani na "Habari?" ya sauti kubwa, wenyeji wakatazama chini. Huko neno ni "Poleni", kwa sauti ndogo, na hangojei jibu la zaidi ya "Asante" au "Tumeshapoa." Mwambie hilo kabla hajaondoka darasani, hata kama hukupanga kufundisha neno la sita. Mwambie pia kwamba mjini Voi na hata hapa atasikia "Salaam aleikum" kutoka kwa Waislamu. Si lazima aianze, lakini ajue kuitikia "Waaleikum salaam."

Chai iletwe baada ya mzunguko, si kabla, kwa sababu ikiletwa mapema kila mtu hurudi kwenye lugha aliyokuja nayo. Wakati wa chai mgawie kila mwanafunzi kadi yenye salamu tano na majibu yake. Sasa maandishi hayawezi tena kuharibu matamshi. Na umpe kazi ya nyumbani: asalimie watu kumi tofauti katika wiki moja, akumbuke mmoja ambaye jambo lilimharibikia, alete kisa hicho. Mkutano wa pili uanze na visa hivyo. Cha yule fundi wa maji kilikuwa kwamba alimpa "Shikamoo" askari wa lango wa miaka kama ishirini na mbili, na askari akamfungulia geti kwa kicheko, akampigia saluti.

Wakazi wa Wadi ya Marungu walio na wageni nyumbani au kazini wanaweza kumwuliza mzee wa kijiji wao kama kuna ukumbi au darasa lililo wazi Jumamosi mchana. Mzee mwenyewe, mara nyingi, ndiye atakayekubali kukaa kwenye kile kiti.